Dotse na Mstari wa Mchanga

Watu wakija kumuulizia Dotse mtunzi huwa wanatazamia mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Wanaonyeshwa mtu mfupi aliyeinama katikati ya matuta ya vitunguu, kopo la kumwagilia mkono huu na lingine mkono ule, kaptura imefungwa kwa kamba ya nailoni. Wanauliza, huyu? Ndiyo, huyu. Mlitaka nani?

Mimi ni Lebene. Shamba langu na la Dotse yamepakana, yangu matuta kumi na nane, yake kumi na manne, na kisima ni kimoja. Tulibatizwa siku moja, tukaacha shule mwaka mmoja. Alipomwoa Esinu mimi ndiye niliyemwambia koti la harusi linampwaya. Kila mtu mwingine alimwambia amependeza. Ndivyo nilivyo, sijui kupaka mafuta maneno, na kama mtu hapendi, njia ni pana.

Basi Dotse ndiye mtunzi wa kikundi chetu cha ngoma, Ndugu Wema. Wewe ukifiwa, sisi tunakuja. Wapiga ngoma wanakaa kwenye benchi, wanawake waitikiaji tunasimama nyuma yao, na wimbo unaoimbwa kwa marehemu wako ametunga Dotse akiwa anamwagilia vitunguu. Miaka ishirini na mmoja ameifanya kazi hiyo bila hata kofia ya bure. Ukimuuliza wewe ni nani, hasemi mkulima. Anasema mtunzi.

Ila miaka miwili ile ya mwisho mambo yalimwendea kombo. Wimbo aliotunga kwa msiba wa katekista uliimbwa mara moja, watu wakaendelea kula. Uliofuata, hata sisi wenyewe tuliusahau kabla hatujafika nyumbani. Na kumbe yupo kijana, Senanu, ana kinanda cha umeme na nyimbo zake zinachangamka. Wazee wakaanza kunong'ona.

Halafu akafa Mama Dzatugbi.

Ninyi hamkumjua. Mama Dzatugbi ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu, mama wa nyimbo zote, miaka thelathini na kitu. Mwanamke mwenye mabega ya mwanamume na ulimi wa pilipili. Mazoezi yetu tulifanyia uwanjani, kwenye mchanga, na ukikosea anachota mchanga kiganjani anakurushia. Hasemi kitu. Puu! Kifuani. Hakuchagua mkubwa wala mdogo. Alimrushia mwenyekiti, alimrushia mume wa dada yake, na Dotse ndiye aliyeula kuliko sote. Nilimwona mara ngapi anarudi nyumbani anajikung'uta masikio! Alipofariki, mimi ndiye niliyepewa nafasi yake ya kuongoza sauti. Niliipokea nikilia, nisidanganye.

Mzee Kpodo, mwenyekiti, akamwita Dotse mbele yetu. "Dotse mwanangu," akasema, "mazishi ni baada ya wiki tano, Jumamosi. Mtatunga wawili, wewe na Senanu. Wimbo utakaoshikwa na watu, mtunzi wake ndiye mtunzi wetu. Nimesema hivi ili usije ukasikia kwa watu."

Dotse akaitikia, "Nimesikia, baba."

Wiki ya pili akaja kwangu mchana, nimekaa kivulini mwa kibanda nafunga vitunguu mafungu. Esinu alikuwa amempa akple, ugali wetu wa mahindi, na mchuzi wa bamia aniletee, nikajua kuna jambo. Dotse haleti chakula bure.

"Dada Lebene, nina wimbo."

"Uimbe."

"Lakini usinikate njiani."

"Nikukate kwa nini? Nina kisu hapa cha kukatia mizizi, wewe imba."

Sasa nieleze jinsi ninavyofanya, kwa sababu watu wanafikiri naropoka tu. Mtunzi wetu haandiki. Wimbo uko kichwani, na ukishatoka ni lazima ushikwe na wanawake wa miaka sabini waliosimama juani, wamesikia mara mbili tu. Usiposhikika, umekufa hapo hapo. Kwa hiyo mimi namwambia aimbe mara mbili, huku nagonga beseni kwa kijiko mapigo yale yale ya kengele ya chuma. Kisha tunanyamaza. Nafunga mafungu matano ya vitunguu, polepole, nawaza mambo yangu, bei ya mbolea, mguu wa mama. Baada ya fungu la tano naimba kilichobaki kichwani mwangu. Kilichobaki ndicho wimbo. Kilichopotea, hakikuwa kitu.

Dotse akaimba. Ulikuwa mrefu, jamani! Ulianza hivi:

*Mti mkubwa umeanguka, ndege wa angani na wa majini hawana tena pa kulala.*
*Kifo, mwizi usiyebisha hodi, umeingia umebeba taa ya nyumba.*

Kisha wakaja watu wa kupelekewa habari: mwambieni Foli, mwambieni Kosiwa, mwambieni nani na nani, majina kumi na moja. Kisha, mwishoni mwishoni, kama kitu kilichodondoka mfukoni:

*Dzatugbi, mwanamke wa mchanga mkononi,*
*nikikosea, nani atanirushia mchanga?*

Nikafunga mafungu yangu matano. Dotse ameshika tama, ananiangalia vidole. Nikamwimbia nilichobaki nacho.

Nilibaki na mistari miwili. Ile miwili ya mchanga.

"Na mti?" akauliza.

"Mti gani?"

"Mti mkubwa, Lebene! Mti umeanguka!"

"Ee, Dotse. Huo mti umeanguka mara ngapi hapa kwetu? Ulianguka kwa mwalimu mkuu. Ulianguka kwa katekista. Ulianguka mpaka kwa yule mlevi Sodzi, ambaye hata kivuli chake kilikuwa hakisimami. Uache ulale."

"Ni maneno ya heshima."

"Ni maneno ya kila mtu. Nimesikiliza wimbo mzima namtafuta Mama Dzatugbi simwoni. Na huo mstari wa ndege, hebu uimbe mwenyewe na kengele." Nikagonga beseni. Akaanza, alipofika 'na wa majini' uso umemvimba, pumzi hana. "Umeona? Wewe umeshindwa ukiwa umekaa kivulini. Bibi Mansa muitikiaji ataufikisha wapi, na pumu yake?"

Akapangusa jasho.

"Mwizi naye atoke. Tumeshamshtaki mwizi huyo kila msiba, hajafungwa. Na majina kumi na moja ni daftari la shule. Ukitaja kumi na moja, wa kumi na mbili atakasirika."

"Umemaliza?"

"Bado. Na mchanga utoke."

Hapo akainuka. "Mchanga? Si ndio uliobaki kichwani mwako?"

"Umebaki kwa sababu ni wa hatari! Hata nyoka ukimwona unamkumbuka. Dotse, umesahau ya kitongoji cha juu na chetu cha chini?"

Hakuna mtu wa kwetu aliyesahau. Tulikuwa watoto. Vitongoji viwili viliimbiana nyimbo za kutoboleana siri, huyu pua yake, yule mama yake, wiki kwa wiki, mpaka vijana wakapasuana vichwa na chifu akapiga marufuku. Tangu siku hizo, ukitaja kasoro ya mtu ndani ya wimbo, ukoo wake una haki ya kukushtaki. Faini ni kondoo dume na chupa za pombe, na ngoma zenu zinafungiwa mwaka mzima. Na hapa Dotse anataka kusimama mbele ya wafiwa, mbele ya Foli, mtoto wa kwanza wa marehemu, mkandarasi wa Accra asiyecheka hata kwenye picha, anamwita mama yake mwanamke wa mchanga mkononi!

"Tena nani ataimba?" nikamwambia. "Si wewe. Wewe utakaa kwenye benchi na shati lako jeupe. Kinywa ni changu! Mimi ndiye nitakayemtukana marehemu."

"Lebene, si tusi."

"Litasikika tusi. Na watu watacheka. Msibani, Dotse! Wakicheka tu, Senanu amekuwa mtunzi, na wewe utabaki na vitunguu."

Maneno hayo yalimwingia. Nilimwona usoni, nikajuta nusu. Akachukua bakuli lake la akple ambalo hata sikuwa nimemaliza, akaenda zake.

Siku nne hatukusemeshana. Tulikutana kisimani kama watu wa nchi mbili. Lakini nilimsikia. Anatembea kati ya matuta, maji yanamwagika, midomo inacheza, anasimama, anarudi hatua tatu, anaanza upya. Maji yalikuwa yanaingia tuta moja mara mbili na lingine linakauka. Esinu akaja kunilalamikia kwamba mumewe ameanza kugonga sahani na kijiko wakati wa kula.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Nimemwambia ukweli."

"Basi umrudishie akili zake. Watoto wanagonga na wao."

Siku ya tano akaja bila chakula. Akakaa chini, akaanza mwenyewe.

"Mti nimeutoa."

"Vizuri."

"Mwizi nimemtoa. Iliniuma. Ile taa ya nyumba niliipenda sana."

"Ilikuwa nzuri," nikasema, na ni kweli. "Ila haikuwa ya Mama Dzatugbi. Umtunzie mwingine."

"Majina yamebaki moja, Kosiwa."

Kosiwa ni mdogo wake marehemu, aliyelala naye kitanda kimoja tangu walipofiwa na waume zao. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mchanga sitoi."

"Dotse!"

"Subiri. Nimekusikiliza siku nne, nisikilize na wewe. Ulisema kweli, nilikuwa nimeuweka vibaya. Nilimpa yeye mchanga kama jina lake la sifa, nikamwonyesha kidole. Sasa nimeuhamisha. Mchanga nimejipaka mimi. Anayejitukana mwenyewe atashtakiwa na nani?"

Akaimba. Nikagonga beseni.

*Mimi ni Dotse, niliyerushiwa mchanga.*
*Mwambieni Kosiwa, mchanga ule ulinifunza kuimba.*
*Leo nimekuja nimekosea tena, natazama mkono wako.*
*Mchanga wote wamekufunika nao wewe.*
*Nikikosea, nani atanirushia mchanga?*

Mstari wa mwisho ndio kiitikio. Wimbo sasa ulikuwa mfupi, unaingia ndani ya mapigo ya kengele bila kusukumana, na pumzi inabaki. Sikufunga hata fungu moja. Nilikuwa nimeushika tayari. Nikakasirika kwa sababu hiyo hiyo.

"Ni mzuri," nikasema.

"Lakini?"

"Lakini bado watu watacheka. Ukisema umerushiwa mchanga, kila mtu atauona mkono wa nani. Utoe, uweke kitu kingine. Weka... weka kwamba alikufundisha."

"'Alinifundisha.' Umeusikia huo? Huo ni wa kila mwalimu aliyewahi kufa. Si wewe uliyeniambia?"

Akaniwekea mkono begani. "Lebene, matatu uliyoniambia nimeyatoa, kwa sababu nilipoyatazama sikuona sababu ya kuyatetea. Hili nimelitetea siku nne na bado limesimama. Wakinivua utunzi, wanivue nikiwa na hili mdomoni."

"Na kondoo?"

"Nitauza vitunguu."

"Mjinga wee," nikamwambia. "Haya, nitauimba. Ila nikishtakiwa nitasema nililazimishwa kwa panga."

Wimbo mpya kwetu haupelekwi moja kwa moja kwa kikundi kizima. Unapelekwa kwanza kwa watu watano sita wenye masikio, alfajiri, mahali pa faragha. Sisi tulikwenda nyuma ya minazi, upande wa ziwa la chumvi. Mzee Kpodo aliusikiliza macho yamefumbwa. Ulipoisha akafumbua macho.

"Unaujua ukoo ule," akasema.

"Naujua, baba."

"Haya. Sikukatazi. Kama ni kosa, ni lako." Tukaupitia mstari kwa mstari mpaka jua likatoka. Bibi Mansa, mwenye pumu, alikuwa wa kwanza kuushika.

Jumamosi ile kijiji kilifurika. Mabasi kutoka Accra, kutoka Lome, watu wamevaa nyeusi na nyekundu mpaka macho yanauma. Tulimzika adhuhuri, alasiri tukaingia uwanjani. Foli alikaa mbele, kivulini mwa hema, mikono imekunjwa kifuani, kitambaa cha kente kinamwangukia magotini.

Wimbo wa Senanu ukatangulia. Sitasema ulikuwa mbaya. Ulichangamka, vijana walicheza, kina mama wakapunga leso. Ulipoisha watu wakasema vizuri, vizuri, wakageukia soda zao. Nikamtazama Dotse kwenye benchi. Shati jeupe limelowa mgongo mzima.

Kengele ikaanza. Nikafungua kinywa.

*Mimi ni Dotse, niliyerushiwa mchanga.*

Mtu akacheka.

Alicheka kwa sauti, he-he-hee, uwanja mzima ukasikia. Halafu wa pili akacheka, na wa tatu, na kicheko kikatembea kutoka kiti hadi kiti. Nikatafuta kimeanzia wapi, nikamwona Kosiwa, mdogo wake marehemu, amejishika mbavu, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ushanga. Anacheka na kulia kwa pamoja, anajipiga paja: "Ni yeye! Ni yeye huyo! Ni mkono wake!"

Na Foli akasimama.

Kicheko kikakatika kama umeme. Foli akatoka chini ya hema, anakuja kwetu, mrefu, uso umekaza. Niliwaza kondoo, niliwaza ngoma zetu zimefungiwa. Lakini kengele haikusimama, na kengele isiposimama mwimbishaji hasimami, hilo nilifundishwa na mwenyewe aliyelala kaburini. Nikaimba mstari wa tatu. Nikaimba wa nne, *mchanga wote wamekufunika nao wewe*, na hapo ndipo sauti yangu ilipasuka kweli.

Foli akafika mbele ya benchi. Akainama. Yule mkandarasi, na kente yake, akachota mchanga kiganjani, akamrushia Dotse. Puu! Kifuani, juu ya shati jeupe.

Kisha akafunika uso kwa mikono miwili akalia kama mtoto.

Jamani! Sijui niseme vipi kelele za uwanja ule. Kiitikio hatukukiimba sisi. Kiliimbwa na uwanja. *Nikikosea, nani atanirushia mchanga?* Wa Accra, wa Lome, kitongoji cha juu na cha chini, watu waliokuwa wanausikia mara ya kwanza maishani! Tulipomaliza wakauanzisha wao wenyewe. Mara ya pili, mara ya tatu. Mpiga ngoma kubwa alitaka kupumzika, wakamfokea. Wanawake walikuja mmoja mmoja kumrushia Dotse mchanga kidogo, wanacheka na kulia, naye amekaa wima pale kwenye benchi, mchanga mpaka kwenye nyusi, anameremeta kama bwana harusi. Mara ya saba Mzee Kpodo ndiye aliyenyanyua mkono kuzuia. Kisha akamvua kijana Senanu kofia, kwa utani tu, akamvika Dotse. Senanu mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi, ana heshima mtoto yule.

Mimi nilimfuata Dotse. "Walicheka," nikamwambia.

"Walicheka," akasema.

"Nilikuambia watacheka."

"Ulisema kweli, dada."

"Na nilikosea," nikasema. Andikeni tarehe.

Jumanne nilikwenda kumwagilia mapema. Ng'ambo ya mfereji ni mashamba ya kitongoji cha juu, na wanawake wa kule huwa hawaimbi nyimbo zetu, wana vikundi vyao na kiburi chao. Nikawasikia. Saba au wanane, migongo imeinama, wanapanda vitunguu, wanaimba, *mwambieni Kosiwa, mchanga ule ulinifunza kuimba*. Hawakututazama. Walikuwa wanaimba kwa raha zao, kama wimbo ambao bibi zao waliwaachia.

Nikageuka kumwita Dotse, nikamkuta amesimama kisimani, makopo yote mawili yamemmwagikia miguuni, machozi yanamtoka bila aibu. Miaka ishirini na mmoja, na hakuna mtu wa kitongoji cha juu aliyewahi kuimba hata herufi moja ya Dotse.

Wakamaliza, wakaanza tena. Dotse akatega sikio, uso ukabadilika.

"Lebene, mstari wa tatu wameuruka! Wanatoka wa pili wanaingia wa nne. Ngoja niwaendee."

Alishaanza kuvuka mfereji. Nikamdaka shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaonyesha. Wamekosea!"

"Hawajakosea. Sikiliza."

Akasikiliza, mguu mmoja majini. Wale wanawake wakaimba wimbo mzima bila mstari wa tatu, na haukupungua kitu. Ukapendeza zaidi, tena sana. Nilimwona anahesabu mapigo kwa vidole kwenye kaptura yake, mara moja, mara mbili. Halafu akarudisha mguu, akakaa chini pale pale kwenye tope, akaanza kuitikia nao, kama wanavyouimba wao.